Bomba la Kumsenga Kwenye Ripoti

Mwenyekiti wa kikundi chetu, mama mtu mzima, aliniletea ripoti ya maendeleo niipitie kabla haijaenda kwa wafadhili. Tulikuwa ofisini kwetu Kibondo, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Kwenye mafanikio iliandikwa: "Wananchi wa Kumsenga wanapata maji safi." Kwenye changamoto: "Changamoto ndogo ndogo zinaendelea kutatuliwa."

Nilipandwa na hasira. Bomba la mkono tulilowawekea pale kijijini kwa fedha za wafadhili hao lilikufa kiangazi kilipoanza, na kina mama walisharudi mtoni.

"Mama, hii siyo ripoti, ni hotuba ya mgeni rasmi."

"Mwanangu, kwetu mtu akikupa zawadi humwambii imeharibika. Utakuwa umemtukana."

Niliandika upya mbele yake. Kisima kilichimbwa, maji yakatoka, kamati ya maji ikafundishwa. Kisha bomba likaharibika, na vipuri havipatikani Kibondo wala Kasulu. Tunahitaji vipuri na fundi. Basi. Mama alisoma polepole, akasema, "Haya, tuwaambie."

Jibu la wafadhili lilikuja. Walitushukuru sana kwa kusema ukweli. Mradi umefungwa, walisema, na fedha za matengenezo hazipo. Ila waliomba picha ya siku ya uzinduzi, maji yakimwagika, waiweke kwenye kalenda yao.

Tuliituma. Kalenda ilifika, tukaitundika ukutani. Kina mama wa Kumsenga wakija kuulizia bomba lao, benchi tunalowakalishia liko chini yake.