Salfa ya Dola ya Zamani

Mama Ambrosi wa Chiwata hapendwi mnadani, na wala hajali. Siku ile katibu wa chama cha ushirika alipotangaza bei ya korosho, shilingi 3,120 kwa kilo, alisimama kabla wenzake hawajaanza kuguna.

"Mwaka jana ilikuwa 3,510. Iliyopungua kala nani?"

Akajibu Khalidi, wakala wa mnunuzi, mwenye duka la pembejeo Masasi mjini. Ni kijana wa kumzaa, lakini hata shikamoo hakutoa.

"Nje bei ni ileile, dola moja na senti thelathini. Shilingi ndiyo imepanda. Dola ilikuwa 2,700, leo 2,400. Tena mnalia nini? Kapu la chakula la dola kumi kule kwa wenye dola, hapa mnalipata kwa elfu tisa. Kwa uwezo wa kununua, dola moja ni sawa na mia tisa tu, nanyi mnapewa 2,400."

"Kapu lako halina salfa," alisema Mama Ambrosi. "Mikorosho yangu haili mihogo. Salfa, dawa ya ukungu, inatoka nje, kwa hiyo shilingi ikipanda, bei yake nayo ishuke. Mbona dukani kwako haijashuka?"

"Mzigo ule niliununua kwa dola ya zamani."

"Na korosho hizi nilizipulizia salfa yako ya dola ya zamani. Mbona unazinunua kwa dola mpya?"

Khalidi akamgeukia katibu. Katibu akataka wanaoikubali bei wanyooshe mikono. Hakunyoosha mtu.