Meza ya Tisa

Shangazi mchapaji aliikuza kwenye kompyuta picha ya mpango wa meza aliyotumiwa na kaka yake, baba wa bibi harusi. Kila duara lilikuwa na namba katikati na majina kulizunguka. Akayachapa, meza baada ya meza. Lake hakuliona. Meza ya tisa ilikuwa imekatwa ukingoni, naye hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Kaka, nitumie nyingine. Upande wa kulia haukutokea."

Ikaja. Meza ya tisa, jirani na mlango wa jikoni: dereva, mpiga picha, fundi muziki, mchapaji.

Bibi harusi huyo, alipokuwa mtoto, yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Chai ikapoa mkononi mwake. Kisha akachapa vilevile, maana maandishi ya mteja hayabadilishwi.