Klorini Isiyokuwepo Kwenye Karatasi

Wanafunzi kumi na mmoja walitaja kwa usahihi jina la molekuli ambayo haikuwepo kwenye mtihani. Wote walikuwa wa kwangu.

Tulikuwa Kasulu, kwenye maktaba ya shule mwenyeji, tukisahihisha mtihani wa pamoja wa utamilifu wa kidato cha sita. Kila mwalimu alishika swali moja na kulisahihisha kwa shule zote, kisha kusukuma karatasi kwa jirani yake. Mimi nilishika swali la kemia kaboni nililolitunga mwenyewe huko Kibondo. Lilikuwa na mchoro mmoja na agizo moja: taja jina la kampaundi hii.

Jina lilibeba alama tano, na kila sehemu ilikuwa na alama yake. Mnyororo mrefu wenye kaboni sita, alama moja. Kifungo maradufu kuanzia kaboni ya pili, moja. Kutambua tawi la methyl, moja. Kuliweka kwenye kaboni ya tano, moja. Ya mwisho ilikuwa ya kuona kwamba zile hidrojeni mbili za kwenye kifungo zimekaa pande tofauti, yaani trans. Jibu kamili lilikuwa trans-5-methylhex-2-ene. Nilipenda mpangilio huo kwa sababu mtoto akikosea hatua moja, nyingine hazimponyoki. Aliyehesabu kutoka upande usio sahihi akaandika trans-2-methylhex-4-ene alipoteza namba mbili tu, akaondoka na alama tatu.

Halafu ikaja karatasi iliyoandikwa trans-4-chlorohex-2-ene.

Nilidhani mtoto ana homa. Kwenye mchoro hapakuwa na klorini popote. Karatasi iliyofuata ilikuwa na klorini ileile, kwenye kaboni ileile ya nne. Nilirudi kutazama namba za watahiniwa. Ilikuwa namba ya shule yangu.

Klorini hiyo niliijua. Ilikuwa kwenye rasimu yangu ya kwanza. Mwalimu mwenzangu wa Kasulu, aliyepewa kazi ya kupitia maswali, alinishauri niiondoe, kwamba wanafunzi wangebishana kuhusu mpangilio wa kaboni ile ya nne, iliyoungana na vitu vinne tofauti, na somo hilo shule nyingine hazijalifikia. Nikaweka methyl, nikarekebisha mwongozo wa kusahihishia, nikamtumia. Rasimu ya zamani ilionwa na watu watatu: mimi, yeye, na mkuu wa idara yangu aliyetunza flashi yenye rasimu hiyo.

Zilipofika kumi na moja, nilizipeleka kwa mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mtulivu aliyefundisha kemia kabla sijazaliwa. Alizipanga karatasi mezani. Mwalimu wa meza ya pili akachungulia, akauliza kama siku hizi Kibondo tumefungua kiwanda cha klorini. Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Nilimuuliza mwenyekiti niwape sifuri au nifanyeje.

"Mnyororo ni sita?" aliuliza.

"Sita."

"Kifungo kiko kwenye kaboni ya pili? Na trans?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wana tatu. Mwongozo wako hauulizi mtu amelitoa wapi. Unauliza ameandika nini." Akavua miwani. "Hilo la wapi, mwanangu, nitaliandika kwenye taarifa. Na jina lako litakuwa la kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyetunga na ndiye unayewafundisha."

Kwa hiyo nikawaandikia tatu, sawasawa na yule aliyehesabu kwa jasho lake kutoka upande usio sahihi. Yule mwenzangu wa Kasulu alikuwa meza ya dirishani, akisahihisha swali la elektrokemia. Hakuinua kichwa.

Nilirudi Kibondo nikamwita ofisini kiranja wa darasa, msichana ambaye wazazi wake wanalima Kitahana. Yeye peke yake katika kundi la kujisomea alilokuwamo pamoja na wale kumi na mmoja ndiye aliyeandika methyl, na alipata zote tano. Nilimuuliza kwa upole wenzake walipata wapi klorini. Aliniambia waliletewa swali na jibu lake, wakalikariri. Siku ya mtihani waliona kaboni sita na kifungo maradufu mahali palepale, wakaandika bila kutazama tawi. Naye alikuwa amelikariri, ila mchoro ulimshtua.

"Nani aliwaletea?"

Alitazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, alituambia ni wewe uliyelituma."

Nilimwomba jina. Akasema atalitaja mbele ya mkuu wa shule, si mbele yangu peke yangu. Hadi sasa mkuu wa shule yuko Kigoma kikaoni. Taarifa ya jopo imeshafika mezani kwake, na mkuu wa idara amekuja mara mbili kuniuliza kama nimeiona ile flashi aliyokuwa akiitunza yeye mwenyewe.