Folda Tupu ya Mbololo

Mkuu wangu aliniambia nifute, nami nikakataa, na sikukataa kwa sauti ya upole. Tulikuwa wawili tu katika ofisi yake ya upimaji ardhi pale Voi, yeye mpimaji, mimi karani wa kila kitu, na feni ikituzungushia joto lile lile.

Kwa wiki tatu nilikuwa nimehamisha skani za wateja kutoka folda za miaka kwenda folda za maeneo: Mbololo, Werugha, Wundanyi, kila shamba na nambari yake. Nyuma yangu zilibaki folda tupu, moja ndani ya nyingine, pamoja na vile vifaili vya Thumbs.db ambavyo kompyuta yetu kuukuu ilikuwa ikijitengenezea, kuweka picha ndogo za kila kilichomo. Mkuu alikuwa amechoka kuziona.

"Futa zote leo," alisema. "Folda tupu ni tupu."

"Skripti yangu, ile programu fupi niliyoiandika, inatoa ripoti kwanza. Nikishaisoma ndipo nitafuta."

"Dada, utakaa usome orodha ya takataka?"

"Nitaisoma."

Nikamwongezea kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu, akanikumbusha kuwa pale si madrasa.

Sikuwa nabishana kwa ajili ya folda. Siku mbili kabla, mjane mmoja alikuwa ameshuka kutoka Mbololo. Jirani yake alikuwa anadai shamba la mama huyo, shauri lingesikizwa Jumatatu, na mkataba wa mauziano ulikuwa umeliwa na mchwa nyumbani. Alikumbuka tuliupiga skani miaka mingi nyuma. Mkuu alifungua folda ya Mbololo 214, akaikuta tupu, akamwambia, "Mama, hukuleta kitu hapa." Yule mama hakubishana. Alikunja leso yake akatoka, nami nilinyamaza kama jiwe. Kunyamaza kule kuliniuma kuliko nilivyotaka kukiri.

Ripoti ya kwanza ilitoka fupi ajabu. Nikaona kosa langu: folda iliyobaki na Thumbs.db peke yake, skripti iliihesabu kuwa ina kitu. Nikairekebisha ivichukulie vifaili hivyo kama si kitu, ianze na folda za ndani kabisa ikipanda juu, na itaje tu kile ambacho ingefuta, isiguse chochote. Sasa orodha ikawa ya kurasa na kurasa. Nikaichapisha yote, mkuu akihesabu karatasi zake kwa macho, nikachukua kalamu nyekundu.

Mbololo 214 ilikuwamo mara mbili. Folda mpya, tupu kabisa. Na folda ya zamani, chini ya mwaka wake, ikiwa na Thumbs.db tu. Shamba lingine lolote lililokuwa na mabaki kwenye folda ya zamani lilikuwa na skani zake kwenye folda mpya. Hili halikuwa nazo popote. Lakini kompyuta haitengenezi picha ndogo za kitu ambacho hakikuwapo.

Nilitafuta kijiprogramu cha kufungulia vifaili hivyo. Zikatokea picha tatu, kila moja si kubwa kuliko stempu. Maandishi hayakusomeka, ila chini ya karatasi ya mwisho niliona madoa mawili ya buluu, alama za vidole. Na kando ya kila picha kulikuwa na jina la faili yake. Nikatafuta majina hayo kwenye kompyuta nzima, nikayapata kwenye folda ya Werugha 214, katikati ya karatasi za mtu mwingine. Nambari ile ile, eneo jingine. Mkono ulioziweka huko ulikuwa wangu.

"Mpigie aje," mkuu alisema baada ya kuzitazama. "Mwambie mashine ilikuwa na shida."

"Mashine haikuwa na shida."

"Ofisi ina jina, dada."

"Na yeye ana jina. Ulimwambia hakuleta."

Alitishia kunifukuza kazi. Nikamwambia atafute karani mwingine atakayesoma takataka, na simu nikapiga mbele yake.

Mama alifika Ijumaa asubuhi. Nilimpa mkataba uliochapishwa, kurasa tatu kamili, nikamwambia mbele ya mkuu, "Mama, uliuleta. Mimi ndiye niliyeupoteza, na sisi ndio tuliokuambia hukuuleta. Nisamehe."

Alitazama alama ya kidole chake.

"Mwanangu, mimi nilijua niliuleta," alisema. "Nilikuwa nangoja nyinyi mjue."

Mama alipoondoka nilizikata folda zake mbili kutoka kwenye orodha, nikaiambia skripti ifute zilizobaki. Ile ya zamani bado ipo, na Thumbs.db yake ndani. Mkuu ameniambia mara mbili niiondoe, na mara zote mbili nimemwambia hapana.