Ukurasa wa Pili wa Barua ya Mbegu

Nilifukua udongo kwa vidole, shimo kwa shimo, nikakuta mbegu ya mpunga imeoza bila kuchipua. Nyumbani mbegu ya akiba sikuwa nayo tena. Nilikuwa nimeitwanga tukaila, kwa kuiamini barua.

Barua aliiandika bwana shamba, na mwenyekiti wetu wa kijiji akatusomea mkutanoni hapa Mbuchi. Ilisema mbegu iliyothibitishwa ni ghali kwa sababu shamba lake hukaguliwa, kisha mbegu yenyewe hupimwa maabara kama ni safi na kama inaota. Hapo mwenyekiti akaikunja.

Nikamuuliza, "Na ukurasa wa pili?"

"Huo wa wataalamu, mama. Wewe kalime."

Nikaenda Kibiti, kwenye duka la pembejeo la shemeji wa mwenyekiti. Akanipimia kwa kopo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa, kwa bei ile ile ya mbegu iliyothibitishwa. Nilipouliza lebo iko wapi, akacheka.

"Bi mkubwa, unapanda mpunga au unapanda karatasi?"

Mbegu ilipooza nilimfuata bwana shamba, akanipa nakala ya barua. Mimi nasoma kwa kufuata kidole, lakini nilifika mwisho. Ukurasa wa pili ulisema tununue mfuko uliofungwa tu, wenye lebo ya ukaguzi, maana ukishafunguliwa hakuna anayejua kilichomo.

Muuza duka aliniibia, na mwenyekiti alimsaidia. Namtaka mwenyekiti asimame mbele ya mkutano ule ule, atuambie kwa nini hakuusoma ukurasa ule.