Kulia Hapabadiliki

Wanafunzi walimwita Mama Sufuri, naye alilijua jina hilo na halikumkera. Kwa miaka kumi na tisa amefundisha hesabu, na kalamu yake nyekundu haina huruma. Meza zetu zimepakana kwenye chumba cha walimu. Mimi nafundisha jiografia, kwa hiyo kazi yangu ni kumchokoza na kumkopa chaki.

Wiki ile alikuwa amesahihisha mtihani wa kuwagawa wanafunzi. Anayefika hamsini anaingia mkondo wa sayansi, asiyefika anatafuta pengine. Swali la tisa lilikuwa na milinganyo miwili: 2x + y = 7, na 3x − 2y = 0. Ukizidisha wa kwanza kwa 2 unapata 4x + 2y = 14. Ukijumlisha na wa pili, y inaondoka, inabaki 7x = 14. Basi x ni 2, na y ni 3.

Wanafunzi kumi na mmoja waliandika 4x + 2y = 7. Walizidisha kushoto, kulia wakapaacha. Mama Sufuri aliwachorea mstari kuanzia hapo hadi chini, sufuri kwa tano kila mmoja, kisha akaenda kuwasema darasani.

"Nyinyi mna mizani ya sahani moja? Au mmoja alikosea, kumi wakamwiga?"

Darasa lilicheka. Hata mimi aliponisimulia nilicheka, na sasa najuta.

Asubuhi ya kubandika orodha ya mikondo alikuwa anapitia madaftari ya masahihisho. Akafika kwenye la binti mmoja mkimya, anayekaa karibu na dirisha, anayetaka kuwa fundi wa maabara. Binti huyo alikuwa amepata arobaini na nane. Mwalimu akafunua kurasa za nyuma. Kisha akanisukumia daftari.

"Hebu soma hapo, mwenzangu."

Ulikuwa ukurasa wa siku ya somo la kwanza la milinganyo. Mfano wa ubaoni ulikuwa 2x − y = 0 na 3x + 4y = 11. Wa kwanza umezidishwa kwa 4: 8x − 4y = 0. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, binti ameandika: "Mwl: kulia hapabadiliki." Na juu ya maneno hayo kulikuwa na tiki nyekundu. Chini yake maswali sita, katika yote mlinganyo unaozidishwa una sufuri kulia, yote yana tiki, na "Vizuri sana".

"Mbona ni sahihi?" nikauliza. Akili ya jiografia hiyo.

"Ni sahihi kwa sababu ni sufuri. Sufuri mara nne ni sufuri. Nilichagua sufuri ili namba zisiwasumbue. Nikasema hivyo kwa mdomo wangu, nikakimbilia mbele." Alishika paji la uso. "Nimewaita waigaji. Waliyemwiga ni mimi."

Halafu akavuta mwongozo wa kusahihisha, na hapo ndipo uso ulipomshuka kabisa. Aliyekosea kuzidisha hupoteza alama ya kuzidisha na alama mbili za majibu. Lakini akiondoa y vizuri na kurudisha x mahali pake, anapewa alama mbili za njia. Binti alikuwa amefanya yote mawili: 7x = 7, x ni 1, akairudisha kwenye mlinganyo wa kwanza, y ikawa 5. Alama mbili zilikuwa zake, na kalamu ilizipita kwa hasira.

Mwalimu wa taaluma alikuwa ameshika orodha na pini nne, tayari kuibandika.

"Imeshachapwa, dada," alisema. "Na ukibadilisha, utaandika barua, nitaisoma kikaoni mbele ya wote."

"Isome. Nitaandika kosa ni langu, la kufundisha na la kusahihisha."

Aliiandika barua hapo hapo. Nilitaka kumtania kidogo ili apumue, nikaishia kumsogezea karatasi. Wote kumi na mmoja, maana njia yao ilikuwa hiyo hiyo, wakaongezwa alama mbili mbili. Wengi hazikuwabadilishia kitu, ila binti wa dirishani alifika hamsini kamili.

Kisha Mama Sufuri akaingia darasani, nami nikasimama mlangoni. Aliwaomba radhi bila kuzunguka. Akamgeukia binti.

"Kwa nini hukuniambia kwamba mimi ndiye niliyesema?"

"Ulipotusema, mwalimu, nikajua nilisikia vibaya."

 Mama Sufuri aligeukia ubao, akaandika swali la tisa upya, akazidisha pande zote mbili.

"Kulia nako tunazidisha. Hata pakiwa na sufuri, tunazidisha."

Binti alifungua daftari, akainua kalamu. "Hiyo niiandike, mwalimu?"

Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza mwalimu.

"Usiandike bado," alisema mwalimu. "Weka kwanza 2 na 3 mahali pa x na y, uone kama nasema kweli."

Binti akainama kukokotoa, na mwalimu akasimama na chaki mkononi, akisubiri.