Kituo Namba Nne

Kwa miaka kumi na moja hakuna mwanafunzi wa uuguzi aliyemaliza chuo kile bila kupita mikononi mwa Mwalimu Aikaeli Pallangyo. Chuo chenyewe ni kidogo, cha kanisa, kati ya Tengeru na Usa River, na chumba cha mazoezi alikianzisha yeye kilipokuwa bado stoo ya magodoro. Ndiye aliyefundisha kuweka mpira wa mkojo, na wanafunzi walimwita Mama Mpira, mwanzoni kwa siri, baadaye hata mbele yake. Jina hilo halikumuudhi. Mitihani ya vitendo ilipofika, kituo cha mpira kilikuwa chake bila mtu kuuliza.

Basi Meitamei, mkuu wa taaluma, aliposimama kwenye kikao cha Jumatatu na kusema mwaka huu kituo namba nne, cha mpira wa mkojo, kitaandaliwa upya na Naserian, Aikaeli alikuwa amekwisha kufungua daftari lake kuandika tarehe.

"Naserian ametoka kusoma mambo haya haya ya kupima wanafunzi," Meitamei alisema. "Tunataka cheklisti ya maandishi, kila mtahini aitumie ile ile. Siyo kila mtu na kichwa chake."

Kila mtu na kichwa chake. Aikaeli alijua kichwa kinachosemwa ni cha nani.

Naserian alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa binti wa Kimaasai wa Monduli, mrefu, mpole wa sauti, na aliwahi kuwa mwanafunzi wa Aikaeli mwenyewe. Mkono wake wa kwanza kuvaa glavu bila kugusa nje, Aikaeli ndiye aliyeushika. Sasa alikuwa amerudi na shahada ya pili na meza iliyowekwa dirishani. Kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kwa heshima isiyo na doa, na kila asubuhi Aikaeli aliitikia "Marahaba" akitafuta kosa asilolipata. Angekuwa na kiburi ingekuwa nafuu. Mtu mwenye kiburi unajua pa kumshikia.

Ijumaa ile Naserian alimletea karatasi tatu. "Mwalimu, naomba uniangalizie kabla ya majaribio ya Jumatano. Wewe ndiye unayekijua kituo hiki."

Aikaeli alizipeleka nyumbani. Alisoma jikoni huku loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, ikipoa kwenye bakuli. Zilikuwa na maelezo ya mtahiniwa: *Mzee wa miaka sitini na nane ameshindwa kukojoa tangu jana. Mwekee mpira wa mkojo. Una dakika kumi.* Zilikuwa na orodha ya vifaa, haikukosa hata jeli ya ganzi. Kisha cheklisti yenyewe, hatua thelathini, kila hatua alama moja, kufaulu ni kumi na nane. Ilikuwa imepangwa vizuri. Alitamani iwe mbaya, nayo ilikuwa nzuri, na alipokuwa akiendelea kusoma ubaya wa moyo wake ukawa unaongezeka.

Ndipo alipoona.

Kujitambulisha kwa mgonjwa, alama moja. Kumfunika miguu, alama moja. Kutochafua vifaa vilivyotakaswa, alama moja. Kungoja mkojo utoke kabla ya kujaza puto la kushikilia mpira, alama moja.

Aikaeli aliweka kijiko chini. Alipokuwa na mwaka mmoja tu kazini, wodini, alimjazia puto mzee mmoja wa Oldonyosambu kabla mkojo haujatoka. Puto lilikuwa bado kwenye njia ya mkojo, halijafika kwenye kibofu. Sauti aliyoitoa mzee yule, na damu iliyofuata, Aikaeli hakuwahi kuzisimulia hata kwa mumewe. Ndiyo sababu alikuwa mkali kwenye hatua hiyo kuliko walimu wote. Na kwa cheklisti hii, mtu anaweza kuchafua mpira, akapasua njia ya mzee wa watu, akatabasamu vizuri, akamfunika miguu, akafaulu.

Alipaswa kuchukua kalamu. Badala yake akilini alimwona Meitamei akisifu tena kwenye kikao, na Naserian ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na yeye Aikaeli ameketi nyuma akipiga makofi. *Acha ajionee,* alijiambia. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika maneno mawili: *Iko sawa.*

Hakuishia hapo. Aliyeteuliwa kuwa mtahiniwa wa majaribio alikuwa Violet, muuguzi kijana aliyehitimu mwaka uliopita. Jumanne Aikaeli alimwita chumba cha mazoezi na kufunga mlango.

"Kesho, ukifika kwenye kuingiza, ncha ya mpira iguse shuka. Uendelee kama hujaona. Halafu jaza puto kabla mkojo haujatoka. Siyo kujaza kweli, shika tu bomba la sindano kama unasukuma, usije ukanipasulia mwanasesere. Mengine yote fanya vizuri."

Violet alikunja uso. "Mwalimu, si ungeniua ningefanya hivyo?"

"Kesho nimekuruhusu."

Jumatano mvua ilikuwa imeufunika mlima wote nyuma ya chuo. Kwenye chumba cha mazoezi mwanasesere alilazwa kitandani, tangi la maji lililokuwa kibofu chake limejazwa na kufungwa. Watahini walikuwa wawili: Aikaeli mwenyewe, na Sista Tabitha, msimamizi wa wodi ya wanaume kutoka hospitali jirani. Walikaa mbalimbali wasitazamiane karatasi. Meitamei na Naserian walisimama ukutani. Kengele ikalia.

Violet alifanya kama alivyoelekezwa. Alijitambulisha, akahakiki jina la mzee, akaomba ridhaa, akavuta pazia, akauliza kama mpira wa glavu humdhuru. Alinawa, akapanga vifaa, akasafisha, akaweka jeli. Kisha ncha ya mpira ikalamba shuka. Aliendelea. Kabla tone la maji halijaonekana, dole gumba lake likasukuma bomba la sindano. Mwishoni aliunganisha mfuko, akaushusha chini ya usawa wa kibofu, akaandika kwenye faili kwa mwandiko mzuri.

Meitamei alikusanya karatasi. "Sista Tabitha, ishirini na sita. Mwalimu Aikaeli, ishirini na tatu." Alitazama tena. "Kwa wote wawili amefaulu."

Sista Tabitha alivua miwani. "Amefaulu? Mzee huyu sasa hivi angekuwa anavuja damu. Nimeona kwa macho yangu, nikamnyima alama moja kama karatasi inavyosema, nyingine karibu zote nikampa. Na hii hatua ya tano, 'anaeleza, anaomba ridhaa na kulinda faragha', mambo matatu kwenye alama moja. Akifanya mawili nitoe ngapi?"

Naserian alikuwa amebadilika rangi. Aliichukua cheklisti akaisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Aikaeli alimtazama, na kwa kitambo kidogo utamu ulimjaa kifuani, utamu halisi, kama wa ndizi iliyoiva mtini.

"Violet," Meitamei aliuliza, "wewe unajua kazi. Imekuwaje ukajaza puto mapema?"

Violet alitazama sakafu. "Mwalimu Aikaeli ndiye aliyeniagiza, Mkuu. Na kugusa shuka pia."

Kisha Meitamei akatikisa kichwa kwa kukubali. "Ni njia nzuri ya kujaribu cheklisti. Kwa hiyo ulijua ina tatizo. Tangu lini?"

"Ijumaa," Aikaeli alisema. Hakuwa na uongo uliokuwa tayari.

Naserian aligeuza ukurasa wa kwanza, akamwonyesha maneno yale mawili kwa wino mwekundu. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, niliileta kwako kwa sababu hii. Kama uliona, kwa nini uliandika iko sawa?"

Aikaeli alifungua mdomo aseme kitu kuhusu uzoefu, kuhusu vijana kujifunza kwa makosa. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Kwa sababu kituo hiki kilikuwa changu," alisema. "Na nilitaka uaibike."

Sista Tabitha alianza kukusanya glavu ambazo hazikuhitaji kukusanywa. Meitamei alikohoa. "Mtihani ni Jumatatu," alisema. "Cheklisti nyingine niione kesho. Muiandae wawili." Akatoka, na wengine wakamfuata.

Walibaki na mwanasesere kati yao. Naserian alivuta kiti, akafungua kompyuta yake. Hakumtazama mwalimu wake. "Tuanze na yapi yasiyosameheka," alisema.

Aikaeli akaanza. Kungoja mkojo utoke, kisha kuusukuma mpira mpaka kwenye panda yake, pale unapogawanyika mara mbili, ndipo puto lijazwe. Kurudisha govi mahali pake, maana likiachwa nyuma litavimba na kunyonga. Kutunza vifaa visichafuke. Anayekosa lolote kati ya hayo asifaulu kituo, hata akipata mengine yote.

"La tatu hapana," Naserian alisema. "Mtu mkono unaweza kumteleza. Akijigundua, akasema, akabadilisha vifaa, huyo ni salama kuliko ambaye hakuteleza kwa bahati. Tuandike: asifaulu anayechafua na kuendelea."

Kwa miaka kumi na moja aliwaangusha hata waliojigundua. Alijua binti huyu amesema kweli.

"Andika hivyo," alisema.

Hatua zilipungua zikawa ishirini na mbili, kila moja tendo moja linaloonekana kwa macho. Jeli ya ganzi inataka dakika kadhaa kabla ya kuingiza mpira, na kituo ni dakika kumi tu, wakakubaliana mtahiniwa aseme anangoja, mtahini amjibu, "Muda umepita, endelea." Mtahini haruhusiwi kusema neno lingine wala kukunja uso. Aikaeli alidai iandikwe kwamba tangi lijazwe maji kila anapotoka mtahiniwa, la sivyo wa tatu atangoja mkojo usiokuja. Naserian hakuwa amelifikiria hilo. Aliliandika, na hakusema asante.

Jumatatu walipita wanafunzi thelathini na wanane. Watano hawakufaulu kituo namba nne. Wanne kati yao walijaza puto mapema. Alama za watahini wawili hazikupishana zaidi ya mbili kwa mwanafunzi yeyote. Kikaoni Meitamei alimsifu Naserian kwa jina. Aikaeli alipiga makofi, na ilimuuma kama alivyojua ingemuuma.

Wiki tatu zikapita. Naserian aliendelea kumwamkia kila asubuhi, lakini wakati wa chai alikaa meza nyingine. Kisha siku moja akaja na karatasi mpya, kituo cha kumwekea mgonjwa mpira wa kulishia puani. Aliiweka mbele ya Aikaeli, akavuta kiti, akaketi.

"Safari hii nakaa hapa mpaka umalize kusoma," alisema. "Yote."

"Huniamini."

"Bado, Mwalimu."

Aikaeli alivaa miwani. Kwenye hatua ya sita alisimama, akaipigia mstari. "Hapa," alisema, "hukusema atapimaje urefu wa mpira kabla ya kuuingiza."